Picha ya malipo si malipo: anayetoa mzigo ndiye aione fedha



Wiki mbili zilizopita, baada ya swala ya Ijumaa, mzee mmoja mwenye duka la vyakula upande wa Nyasho hapa Musoma alinisubiri mlangoni mwa msikiti. Sisi katika kamati tunamfahamu kwa uchangamfu wake, lakini siku ile uso wake ulikuwa umesawajika. Alinivuta pembeni, akanipa simu na kuniambia: "Katibu, hebu nitazamie picha hii. Mwanangu ametoa mzigo kwa picha hii, na fedha siioni."

Amenipa ruhusa ya kusimulia kisa chake, kwa sharti kwamba nisimtaje jina. Nimeona nikisimulie kwa ukamilifu, kwa sababu wenye maduka madogo wengi wanaosoma ukurasa huu, wa Musoma, Bunda, Butiama na kwingineko, wamekwisha kupokea picha kama ile, au wataipokea.

Mzee huyu anaendesha duka pamoja na kijana wake wa miaka kumi na saba. Namba ya simu ya duka imeandikwa kwenye kibao cha nje, na namba ya akaunti ya benki imebandikwa ukutani karibu na mizani ili wateja waweze kulipa. Akaunti yenyewe imeunganishwa na simu ya mzee, nayo hukaa mfukoni mwake. Ijumaa ile, mzee alipokwisha kwenda msikitini, mtu alipiga simu ya duka. Alisema ana shughuli ya harusi njia ya Butiama na anahitaji mchele mifuko miwili ya kilo 50, sukari mfuko mmoja wa kilo 25, na mafuta ya kula ndoo moja ya lita 20. Kijana akamtajia bei: mchele shilingi 240,000, sukari 73,000, mafuta 92,000. Jumla shilingi 405,000. Mteja hakuomba kupunguziwa hata senti. Aliomba namba ya akaunti, kijana akamsomea ile ya ukutani.

Haukupita muda, picha ikaingia WhatsApp. Ilikuwa picha ya skrini ya simu, ile ambayo vijana huiita skrinshoti, yenye rangi na nembo ya benki, alama ya kijani na neno `Successful`. Jina la mzee lilikuwa sahihi, namba ya akaunti sahihi, na kiasi kilichoandikwa kilikuwa shilingi 420,000. Mteja akapiga tena simu kueleza ile nyongeza. Alisema ametuma 15,000 zaidi kwa ajili ya usafiri, basi kijana ampe dereva fedha hiyo taslimu. Baada ya dakika chache dereva wa pikipiki ya matairi matatu ya kubeba mizigo akafika. Kijana alimpigia baba yake, lakini simu ilikuwa imezimwa kwa ajili ya swala. Akaitazama picha mara ya pili, akaona kila kitu kipo, akapakia mzigo na kumpa dereva shilingi 15,000.

Mzee alirejea dukani karibu na saa nane. Alifungua menyu ya benki kwenye simu yake na kukuta salio ni lile lile la asubuhi, shilingi 212,600. Akasubiri hadi Alasiri, kisha hadi Jumamosi. Salio halikubadilika. Dereva alipotafutwa alionekana hana hatia, kwani naye alikodishwa kwa simu, akaelekezwa ashushe mzigo kando ya barabara, akakuta mtu anausubiri.

Sasa tuipige hesabu hasara hii. Katika biashara ya shilingi 405,000, mzee aliniambia faida yake ingekuwa kama shilingi 23,000. Maana yake, bidhaa zile alizinunua kwa 382,000. Ukiongeza 15,000 alizopewa dereva, zilizomtoka mfukoni ni shilingi 397,000. Ili kuzirudisha kwa faida ya 23,000 kila mara, atahitaji wateja kumi na wanane wa kununua kama yule, na katika wote hao asile hata shilingi ya faida. Kwa duka la mtaani, hiyo ni kazi ya miezi.

Mzee aliponipa ile picha, tuliikagua pamoja, na baada ya dakika kadhaa kasoro ilionekana. Katika maandishi ya risiti, muamala ulisemekana kufanyika saa 13:12, yaani saa saba na dakika kumi na mbili mchana. Lakini juu kabisa ya picha, pale simu inapoonyesha saa, betri na mtandao, palisomeka 11:48. Picha hiyo ilipigwa zaidi ya saa moja kabla ya malipo inayodai kuyathibitisha! Tena tarakimu za 420,000 zilikuwa nene kidogo kuliko maandishi mengine. Mtu alichukua risiti ya kweli ya muamala mwingine, akabadilisha jina, namba, kiasi na saa, akasahau kuibadilisha saa ya juu.

Kijana alisikitika sana. "Laiti ningeiona ile saa," alisema. Nilimjibu kwamba hilo si fundisho la kuchukua. Kasoro katika picha inatosha kumfanya muuzaji aikatae, lakini kukosekana kwa kasoro hakutoshi kumfanya aikubali. Anayeghushi kwa uangalifu zaidi angeikata ile sehemu ya juu, au angetumia programu inayotengeneza risiti nzima upya, na hapo hata jicho la mfanyakazi wa benki lisingeona kitu. Ukijifunza kutambua picha mbaya, umejikinga na mwongo mzembe tu.

Picha ya skrini, hata iwe safi namna gani, ni maneno ya mlipaji. Inaonyesha yaliyokuwa kwenye simu yake. Haionyeshi chochote kilichomo katika akaunti yako. Ushahidi kwamba umelipwa unapatikana mahali pamoja tu, napo ni katika kumbukumbu za akaunti yako wewe, ukizifungua kwa mkono wako.

Kabla sijaeleza namna ya kuzifungua, niungame jambo la kwangu, kwa sababu linaonyesha kuwa picha inaweza kupotosha hata pale ambapo hakuna aliyekusudia uongo. Mwaka mmoja tulikuwa tunakusanya michango ya kuezeka ukumbi wa madrasa. Muumini mmoja mwaminifu alinitumia picha ya uhamisho wa shilingi 50,000, nami nikaiandika daftarini siku ile ile. Tulipofunga hesabu, daftari lilizidi taarifa ya benki kwa shilingi 50,000 kamili. Tulihangaika wiki nzima kutafuta zilikopotelea. Mwishowe yule ndugu akaangalia akaunti yake na kukuta kwamba uhamisho ulikwama njiani, na siku iliyofuata fedha ikarudishwa kwake bila yeye kutambua. Picha yake haikughushiwa. Ilionyesha kwamba ombi lake limepokelewa, nami nikaisoma kana kwamba fedha imefika. Tangu siku hiyo kamati yetu haiandiki mchango wowote mpaka mweka hazina auone katika taarifa ya akaunti.

Kwa hiyo, mwenye duka anapothibitisha malipo hamtuhumu mteja. Amri ya kuthibitisha habari kabla ya kuifanyia kazi, iliyomo katika aya ya sita ya Suratul Hujurat, imewekwa ili tusije tukajutia tulichokitenda. Na mteja mkweli hapungukiwi kitu kwa kusubiri dakika tatu.

Sasa tuingie katika utaratibu wenyewe. Hatua ya kwanza hufanyika asubuhi, kabla mteja yeyote hajafika. Angalia salio la akaunti inayopokea malipo ya duka na uliandike katika daftari pamoja na saa. Kwa fedha za simu utalipata kwa menyu ya mtandao wako, kama `*150*00#` kwa M-Pesa, `*150*01#` kwa Mixx by Yas, au `*150*60#` kwa Airtel Money. Mwenye akaunti ya benki hutumia menyu ya benki yake, kama `*150*66#` kwa NMB au `*150*03#` kwa CRDB. Kazi hii ndogo ina faida ambayo wengi hawaitambui: tapeli anaweza kulijua jina lako, namba yako na bei ya mchele wako, lakini salio lako halijui.

Hatua ya pili ni pale mteja anaposema amelipa. Pokea picha yake kwa heshima na uitumie kama anwani ya kutafutia. Chukua humo vitu vitatu: kiasi, saa, na namba ya muamala. Kisha weka picha pembeni, ufungue menyu mwenyewe kwa kupiga namba unayoijua, na utazame salio au miamala ya mwisho. Usibonyeze kiungo alichokutumia mteja, wala usipige namba ya "huduma kwa wateja" aliyokupa yeye, kwani huenda anayejibu upande wa pili ni mwenzake.

Hatua ya tatu ni kujumlisha. Katika kisa chetu, salio la asubuhi lilikuwa 212,600. Kama 420,000 zingeingia na hakuna muamala mwingine, salio lilipaswa kusoma 632,600. Lilisoma 212,600. Hesabu hii moja, ambayo mtoto wa darasa la tatu anaiweza, ingetosha kuuzuia mzigo.

Hesabu hiyo hiyo inakusaidia dhidi ya ujumbe mfupi wa uongo, ambao ni ndugu wa picha ya uongo. Kuna ujumbe unaotoka kwenye namba ya kawaida ya simu lakini umeandikwa kwa mtindo wa kampuni. Huo ni rahisi kuukamata, kwa kuwa ujumbe wa kweli huja kwa jina la huduma yenyewe. Lakini jina la mtumaji nalo huweza kuigizwa, na simu ikaupanga ujumbe huo chini ya jumbe zako za kweli za zamani. Basi tazama pale panapotajwa salio jipya. Aliyebuni ujumbe hawezi kuijua tarakimu hiyo, hivyo ataiacha au atabahatisha. Hata pale isipokuwepo tarakimu ya salio, menyu uliyoifungua mwenyewe ndiyo itakayoamua.

Risiti ya karatasi nayo ina hukumu hiyo hiyo. Mteja akikuletea karatasi ya wakala au hati ya kuweka fedha benki, inaweza kuwa ni nakala, inaweza kuwa ya wiki iliyopita, na inaweza kuwa ya hundi iliyokabidhiwa benki lakini bado haijalipwa. Soma namba ya muamala, kisha uitafute katika akaunti yako.

Je, kama mteja anasema kweli na fedha imechelewa? Hili hutokea. Uhamisho kati ya benki mbili tofauti unaopita katika mfumo wa malipo ya papo hapo wa Benki Kuu ya Tanzania, unaoitwa TIPS, hufika kwa muda mfupi sana. Lakini zipo njia nyingine ambazo benki hukusanya maagizo na kuyapitisha kwa mafungu katika siku za kazi, na hapo malipo ya Ijumaa jioni yanaweza kuonekana Jumatatu. Ukiona katika picha neno `Pending` au `Processing`, ujue kwamba hata simu ya mlipaji inakiri kuwa jambo halijaisha. Muuzaji hana haja ya kuamua kama mteja ni mkweli au mwongo. Anachotakiwa kuamua ni kama mzigo utoke sasa au baadaye, na mzigo hutoka fedha ikionekana.

Pengine mteja ni jirani unayemfahamu miaka kumi, mtandao umekatika, na nyumbani kwake kuna msiba. Huwezi kumwambia asubiri. Hapo mpe bidhaa, lakini usimwandike kuwa amelipa. Mwandike deni: jina, kiasi, tarehe, na awepo wa kushuhudia. Umemsaidia kwa kumkopesha, ukijua kuwa unamkopesha. Fedha ikionekana, unalifuta deni mbele yake. Wengi huumia kwa sababu wamekopesha huku wakidhani wameuza.

Nirudi sasa kwa kijana wetu, maana kosa kubwa zaidi katika kisa hiki sioni kuwa ni lake. Yeye ndiye aliyetoa mzigo, lakini hakuwa na njia yoyote ya kuiona akaunti. Mwenye akaunti alikuwa katika swala na simu imezimwa, kama ilivyo adabu. Saa ya swala ya Ijumaa inajulikana na kila mtu mjini, na aliyepiga simu aliichagua. Hata kama kijana angesoma makala haya mara kumi, angefungua menyu gani? Simu ya akaunti haikuwepo dukani. Kilichobaki mbele yake kilikuwa ni picha tu.

Familia nyingi zinaendesha maduka kwa namna hii. Baba au mama ana akaunti, na mtoto au binamu anauza. Ni lazima anayetoa mzigo awe ndiye anayeweza kuiona fedha. Njia iliyo nyepesi ni kuwa na laini ya duka, au Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara, ambayo simu yake haiondoki kaunta. Uliza kampuni au benki yako namna ya kumwezesha mhudumu aone malipo yaliyoingia bila kuwa na namba ya siri ya kutolea fedha, ili mwanao asibebeshwe mtihani mwingine. Jioni, mwenye duka huhamisha fedha kwenda akaunti kuu.

Kama bado hamjafika huko, basi wekeni kanuni ya nyumbani isiyo na ubaguzi: mwenye simu asipopatikana, hakuna mzigo unaotoka kwa malipo ya mbali. Mzigo wa saa saba utaondoka saa nane. Mfundisheni kijana maneno ya kusema, kwani mara nyingi mtoto hushindwa kwa kuona haya mbele ya mtu mzima: "Samahani sana baba, utaratibu wa duka letu ni fedha ionekane kwanza. Mzigo nimeshakuwekea pembeni, mzee akitoka msikitini tu unaondoka." Mwenye harusi ya kweli atasubiri au atalipa taslimu. Anayeanza kufoka, kumtaja baba yako kwa jina na kusema dereva anachelewa, amekupa sababu nyingine ya kusubiri.

Kanuni ya pili ya nyumbani ihusu chenji. Kamwe msirudishe ziada ya malipo ya mbali, wala msilipe nauli ya mtu kutokana nayo, kabla fedha yote haijaonekana. Zile 15,000 hazikuwa bahati mbaya. Ziada ya namna ile humfanya muuzaji amwone mteja kuwa mkarimu, na humgharimia mwizi usafiri kwa fedha ya mwizwa.

Na ikiwa limekwisha kutokea, fanya haraka. Usiifute picha, wala jumbe, wala namba zilizopiga. Andika saa za kila tukio na alama za usajili za chombo kilichobeba. Kama ulituma fedha yoyote kwa simu, piga mara moja huduma kwa wateja ya mtandao wako ili waone kama inaweza kuzuiliwa. Ujumbe mfupi wa kitapeli utume kwenda namba 15040, ufuate maelekezo na kuitaja namba iliyoutuma. Kisha nenda kituo cha polisi ukaandikishe taarifa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu kughushi na udanganyifu unaofanywa kwa vyombo vya kielektroniki, kwa hiyo usikubali kuambiwa kuwa hilo ni jambo la kutoelewana kati yako na mteja.

Mzee wetu ameandikisha taarifa polisi, na bidhaa hazijapatikana. Ijumaa iliyopita nilipita dukani kwake nikitoka msikitini. Ile namba ya akaunti imeondolewa ukutani, na mahali pake pamebandikwa Lipa Namba ya duka. Juu ya kaunta kuna simu ndogo ya vitufe iliyofungwa kwa kamba, na chini yake daftari. Kijana alikuwa akimhudumia mama mmoja aliyekuwa amenyoosha simu yake kuonyesha kwamba ameshatuma. Alimwambia, "Ahsante mama, karibu ukae kidogo," akageukia simu ya kaunta, akabonyeza, akasoma, akaandika. Kisha akamfungia sukari yake.

Wabillahi tawfiq.